Kibali Chenye Picha Yangu

Katika habari hii wamo wanawake kumi na mmoja, na sitaandika jina la hata mmoja. Si kwamba nimesahau. Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, kule Izigo, mama akaugua nikarudishwa kwenye migomba, lakini majina hayanipotei. Ninajua jina la kila mtu aliyewahi kutandika gunia kwenye mtaa wetu pale Bukoba, jina la mama yake, na ukoo alikoolewa. Kwa nini siyaandiki, nitaeleza nikifika.

Mtaa wetu uko chini kidogo ya soko, pale mizigo ya kutoka Muleba inaposhushwa. Nilikaa hapo miaka mingi, kwenye pembe ya ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi, nikiuza ndizi za kuiva, parachichi, na senene, wale panzi wa kuliwa, kwa msimu wake. Ukuta ule ulikuwa na kivuli tangu asubuhi mpaka saa nane. Watu waliijua ile pembe kuliko walivyonijua mimi. Wakielekezana wanasema, "Nenda kwa bibi wa pembeni."

Sheria ilikuja ikiwa kitabu. Mtendaji wa kata alituita uwanjani nyuma ya ofisi yake, akakiinua juu kama padri anavyoinua Injili.

"Mama zangu, baba zangu, hii ndiyo sheria ndogo ya biashara za mitaani. Imeshatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, kwa hiyo mtu asije akaniambia hakujua. Kutojua si kinga. Lakini ninawajua ninyi. Hamtaisoma."

"Tutaisoma kwa tochi!" mmoja akapiga kelele, watu wakacheka.

"Fanyeni hivi. Chagueni watu wenu wafanye muhtasari, ukurasa mmoja tu: vibali, maeneo yanayokatazwa, adhabu. Niletewe niuangalie, halafu tuubandike ubaoni."

Wakamchagua mama mmoja wa mitumba kwa sababu alimaliza kidato cha nne na ana mwandiko mzuri. Mimi wakanichagua kwa sababu ya kumbukumbu. Walisema, "Huyu asome, bibi ashike. Karatasi italowa na mvua, bibi halowi."

Tulikaa alasiri tatu juu ya kreti za soda, yeye akisoma, mimi nikisikiliza.

"Mtu yeyote hataendesha biashara katika eneo lolote la wazi isipokuwa awe na kibali kilichotolewa na Mkurugenzi au afisa aliyeidhinishwa kwa niaba yake."

"Sema kwa Kiswahili," nikamwambia.

"Hiki ni Kiswahili, Bibi."

"Kiswahili cha nani? Sema: huuzi bila kibali."

Akaandika hivyo. Ndivyo tulivyokwenda, kifungu baada ya kifungu, yeye akikikamua, mimi nikikichuja. Yeye aliandika. Mimi sikuandika, nilitundika. Kila kifungu nilikitundika kwa mtu ninayemjua, ili nikimwona mtu nikumbuke kifungu. Namna ya kuomba kibali niliitundika kwa muuza nyanya aliyehangaika zaidi kukipata: barua ya mwenyekiti wa mtaa, nakala ya kitambulisho cha taifa, picha mbili, fomu ijazwe kwa jina lako, bidhaa zako na mahali pako. Kibali kina muda. Kikiisha unaomba upya, na ukiwa kazini unacho mwilini, si kabatini nyumbani.

Maeneo ya kukatazwa niliyatundika kwa wale wakaidi. Hifadhi ya barabara kwa muuza mahindi ya kuchoma, ambaye jiko lake lilikuwa karibu liingie chini ya magari. Juu ya mtaro kwa muuza dagaa. Njia ya waenda kwa miguu kwa kijana wa viatu. Lango la hospitali na lango la shule kwa dada wawili wa maandazi. Njia panda. Mlango wa duka la mtu bila ridhaa yake. Kwingine kote, pale tu palipoandikwa kwenye kibali chako, hata kama pengine pana wateja zaidi.

Adhabu nilizijitundikia mwenyewe, maana nilipenda kuzisema. Ukipatikana na hatia mahakamani: faini, au jela, au vyote viwili. Nikifika kwenye "vyote viwili" ninanyamaza kidogo ili waogope. Wauza viatu walikuwa wakinitania, "Bibi, hebu turudishie ile ya vyote viwili." Nilikuwa sijui kwamba maneno nayo yanaweza kukaa yakikusubiri.

Siku ya tatu mama wa mitumba akasoma kifungu hiki. Ninakikumbuka kama sala. "Kibali ni cha mtu aliyepewa. Hatakiuza, hatakikodisha wala hatampa mtu mwingine yeyote akitumie bila idhini ya maandishi ya Mkurugenzi. Aliyetoa na aliyetumia, wote wawili watakuwa wametenda kosa."

"Mtu mwingine yeyote ni nani?" nikauliza.

"Ni yeyote ambaye si wewe."

"Hata mkamwana wangu?"

"Bibi, imeandikwa yeyote."

"Basi aliyeandika hana mkamwana."

Akacheka, akaandika kwenye karatasi kama sheria ilivyosema. Hilo nataka lijulikane: karatasi ilikuwa sahihi, mtendaji aliisoma akaikubali, ikabandikwa ubaoni. Kosa halikuwa kwenye karatasi. Kosa lilikuwa kinywani mwangu.

Maana sisi tumelelewa kwenye kibanja. Kibanja ni migomba, na kahawa katikati ya migomba, na makaburi ya wazee chini ya migomba. Kibanja si cha mtu, ni cha nyumba. Mimi nilipoolewa, mama mkwe alinishika mkono akanizungusha, mgomba huu ni wa ndizi za kupika, huu ni wa pombe, huu usiukate mpaka nife. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniuliza karatasi. Sasa mtu aniambie kwamba pembe niliyoikalia miaka yote ile, nikimkalisha mkamwana wangu, nimempa "mtu mwingine"? Niliona ni maneno ya watu wa ofisini yanayolenga walanguzi, wale wanaochukua vibali vitano na kukodisha kwa wageni.

Kwa hiyo wanawake walipokuja kwangu, na walikuja wengi, kwa sababu ubao uko juu na maandishi ni madogo na miwani ni ghali, niliwaambia hivi: "Usimpe mgeni kibali chako. Wa nyumbani kwako hana neno." Nilisema hivyo mara nyingi, kwa sauti ya mtu anayejua. Na wao wakaenda wakafanya hivyo. Huyu akamweka binti yake, huyu mdogo wake, huyu mke mwenza. Kumi na mmoja. Hapo sijajihesabu mimi, niliyewatangulia wote.

Magoti yangu yalianza kugoma wakati wa mvua za vuli. Kutoka nyumbani kwangu Rwamishenye mpaka mtaani si mbali kwa mwenye miguu, lakini mimi nilikuwa nikifika tayari nimechoka. Mwanangu yuko machimboni Geita, amemwacha mke wake kwangu na mtoto anayenyonya. Mkamwana ni mtu wa Buganguzi, mwembamba, mpole, lakini akishika jambo halitoki. Nikamfundisha namna ya kupanga ndizi mbichi chini na za kuiva juu, namna ya kujua parachichi kwa kulitikisa. Asubuhi moja nikampa kibali changu kilichowekwa kwenye nailoni, chenye picha yangu, nikamwambia, "Kaa pembeni. Mtoto nitabaki naye mimi. Saa sita njoo umnyonyeshe."

Wiki sita zilikwenda hivyo. Akauza kuliko mimi.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, msimu wa senene umekolea, mji umejaa watu na mabeseni. Saa sita ikafika, mkamwana hakuja. Mtoto akaanza kulia. Nikampa uji kwa kijiko, akautema. Saa saba. Nikamfunga mgongoni, nikasimama mlangoni, na hapo nikamwona mama wa mitumba anakuja anakimbia, yeye ambaye ni mnene na hakimbii hata mvua ikimkuta.

"Bibi, wamemchukua!"

"Nani?"

"Askari wa manispaa. Walikuwa wanakagua vibali. Yuko ofisini, pamoja na beseni."

Tulipanda bajaji. Njiani akanisimulia, na kila alichosema kilinipiga. Askari alikitazama kibali, akamtazama mkamwana, akakitazama tena.

"Dada, huyu kwenye picha ni wewe?"

"Ni mama."

"Kwa hiyo wewe ndiye mama? Umepaka mafuta gani, mimi mke wangu ayatafute?"

Watu wakacheka. Mkamwana hakucheka. Akasema, "Mama amezeeka. Mimi ni mkamwana wake. Mahali ni petu." Askari akamwambia mahali ni pa aliye kwenye picha, na kama aliye kwenye picha hayupo, hapa pana mtu asiye na kibali. Wakataka kuchukua beseni. Hapo mkamwana akafanya kitu nilichomfundisha: akadai waandike orodha ya vitu, mikungu mingapi, senene kiasi gani, na jina la askari liandikwe chini, kwa kuwa ndivyo muhtasari unavyosema. Wakaandika bila ubishi, wakampa nakala.

"Aliwaambia, 'Mama yangu ndiye anayeijua sheria hii kuliko wote mtaani,'" mama wa mitumba akamaliza. Sikumtazama. Nilishika vyuma vya bajaji kwa mikono yote miwili. Yeye naye alikijua kifungu kile. Alikiandika kwa mkono wake.

Ofisi ya biashara ina benchi refu kwenye korido. Mkamwana alikuwa ameketi mwishoni, mgongo umenyooka. Blauzi yake ilikuwa imelowa kifuani, maziwa yamejitokea yenyewe, naye amejifunika kwa mikono. Aliponiona na mtoto, uso ukataka kubomoka, akaukaza. Nikamfungulia mtoto, akanyonya palepale, hata sauti ya kumeza ikasikika kwenye korido.

Afisa akatuita ndani. Alikuwa mtu wa makamo, mpole wa sauti, na upole ule ulinitia hofu kuliko ukali.

"Bibi, kibali hiki ni chako?"

"Ni changu, waitu," nikamjibu kwa neno letu la heshima.

"Kwa nini anacho yeye?"

"Ni mkamwana wangu."

Akashusha pumzi. Akatoa kitabu kile, akakifungua palepale, akasoma. Mtu mwingine yeyote. Aliyetoa na aliyetumia. Nilikuwa nikitamka naye moyoni, neno kwa neno, kwa sababu sikuwa nimesahau hata moja. Ndipo nilipoelewa kwamba kusahau kungekuwa afadhali.

"Sasa sikilizeni," akasema. "Kuna njia mbili. Ya kwanza, mkosaji anakiri kosa lake kwa maandishi kwa hiari yake, anatozwa faini, kosa linaishia hapa. Sheria inaita kufifilisha kosa. Ya pili, kama hakubali kwamba amekosa, hiyo ni haki yake, shauri linapelekwa mahakamani, naye anajitetea huko. Sitamlazimisha mtu. Lakini akipatikana na hatia huko…"

"Faini, au jela, au vyote viwili," nikasema. Kinywa kilijisemea chenyewe.

Akanitazama. "Ndiyo, Bibi. Umeisoma?"

"Niliifanyia muhtasari."

Fomu ikawekwa mbele ya mkamwana. Akaisoma polepole, mtoto kifuani. Kisha akairudisha juu ya meza kwa kidole kimoja.

"Sikiri," akasema.

"Mama mdogo, fikiri," afisa akamwambia.

"Nimefikiri. Nikiandika hapa kwamba nimekosa, nitakuwa nimeandika kwamba mama amenidanganya. Mama hadanganyi. Watu wote wa mtaa ule wanajua hadanganyi. Nipelekeni mahakamani, nitasema hivyohivyo."

Nikaona yatakayofuata. Nilimwona amesimama kizimbani na maneno yale, hakimu akimuuliza, naye akijibu kwa uso ule mgumu wa Buganguzi, mama alisema, mama alisema. Nilimwona kule Geita mwanangu akipigiwa simu. Nilimwona mtoto mgongoni kwangu, anautema uji siku ya kwanza, siku ya pili, na mimi sina titi la kumpa. Yote hayo kwa sababu ya maneno yangu matatu: wa nyumbani kwako.

Nilitaka kumwambia asaini tu, asiulize. Mkamwana hutii. Lakini nilimtazama nikajua kwamba hili hatalitii, kwa sababu analifanya kwa heshima yangu. Ilibaki mimi niivue heshima ile, mbele ya afisa, mbele ya mama wa mitumba, kama mtu anavyovua kanga akabaki na gauni la ndani.

"Mwanangu," nikasema, "nilidanganya."

"Hapana, Mama."

"Ngoja nimalize. Sheria niliisikia. Huyu hapa alinisomea, nikamuuliza hata mkamwana, akaniambia hata mkamwana. Mimi nikaona sheria ni ya kijinga. Nikaibadilisha kinywani, nikawapa watu ile niliyoipenda mimi. Wewe hukukosa kwa kutaka. Ulikosa kwa kunisikiliza. Saini, nami nitasaini."

Alimhamisha mtoto upande wa pili. Akachukua kalamu. Alipomaliza, akanisogezea ya kwangu, na mimi nikaandika jina langu kwa herufi za darasa la tatu, zinazopanda mlima. Herufi moja niliiandika mara mbili. Faini tulilipa kwa namba ya malipo waliyotupa, si mkononi kwa mtu, tukapewa stakabadhi. Beseni tukarudishiwa. Ndizi za juu zilikuwa zimeshapondeka.

Nilidhani yameisha. Nikashika fimbo niinuke.

"Bibi," afisa akasema, "umesema uliwapa watu. Watu gani?"

Nikakaa tena.

"Umewaambia watu wa mtaa huu kwamba wa nyumbani hana neno. Wangapi wamefanya hivyo? Nitajie majina."

Majina yalikuja yote. Yalijipanga ulimini kumi na mmoja kama watoto wanaotaka kutumwa dukani: jina la mwenye picha, jina la aliyekaa mahali pake, pembe, bidhaa. Sijawahi maishani kuyaona majina wazi kiasi kile. Mama wa mitumba alikuwa anatazama sakafu. Yeye alijua kwamba ninayo, na afisa alijua, kwa kuwa muda mfupi uliopita nilikuwa nimemalizia sheria yake kwa kichwa. Niliogopa kusema uongo ofisini. Niliogopa zaidi kusema kweli.

"Waitu, nimezeeka," nikasema. "Nimesahau."

"Umesahau."

"Hata moja sikumbuki." Ndiyo maana hata hapa siyaandiki.

Afisa alinitazama, akafunga kitabu polepole.

"Mimi Jumatatu ninakagua mtaa mzima, picha kwa picha," akasema. "Nitakayemkuta na kibali cha mwenzake, sheria ni hiyohiyo. Lakini mtu akija hapa mwenyewe kabla sijamkuta, akarudisha kibali asichokitumia, na yule anayefanya biashara akaomba cha kwake, huyo nitamhudumia kama mwombaji mwingine yeyote. Basi hao usiowakumbuka, Bibi, ukibahatika kuwakumbuka njiani, waambie."

Nikatoka pale nikiwa na siku tatu, na moja yake ni Jumapili.

Sikulala vizuri siku zile na sitaki kuzikumbuka zote. Ijumaa nilipita mtaani meza kwa meza. Kuwaambia watu kwamba nilikosea kulikuwa kugumu kuliko kusaini. Mmoja alinijibu, "Bibi, sasa ndiyo unasema? Kwani hapo zamani ulikuwa umelala?" Mwingine akageuza uso, akaendelea kumenya karanga. Muuza nyanya akasema kwa sauti, wote wasikie, "Karatasi italowa, bibi halowi!" Nilistahili. Lakini wakawa wanafunga mizigo, mmojammoja, wanakwenda ofisini.

Ijumaa jioni walikuwa wamekwenda tisa. Jumamosi asubuhi wa kumi, ofisini alimkuta mtu wa zamu akampokelea fomu. Akabaki mmoja. Huyo mwenyewe hakuwepo. Alirudi kwao Muleba tangu alipoanza kuugua, na mdogo wake ndiye aliyekaa mahali pake na kuuza maharage. Mdogo mtu alilia, "Bila yeye watakipokeaje? Kibali ni chake."

Nikapanda gari la Muleba. Nilimkuta kwao Buganguzi, kulekule alikotoka mkamwana, amelazwa mkekani nyuma ya nyumba kwenye jua, amekwisha. Aliponiona alifurahi, alidhani nimekuja kumwona tu. Aliniuliza habari za mtaa, nani amejifungua, nani amehama. Nilimjibu kwa majina yote, nikala ndizi walizopika, na muda wote barua ya kurudisha kibali ilikuwa kwenye kifua changu inanichoma. Mwisho nikamwambia. Alicheka mpaka akakohoa.

"Kwa hiyo mimi ni mhalifu hapa mkekani?"

"Kwa sababu yangu."

"Lete nitie dole."

Mama wa mitumba ndiye aliyekuwa ameiandika ile barua: mimi fulani ninarudisha kibali changu kwa sababu ya ugonjwa. Tukamwita mtendaji wa kijiji, akashuhudia, akapiga mhuri, mgonjwa akatia dole gumba. Aliponishika mkono kuniaga hakuuachia haraka. Nilijua nisingemwona tena, na ndivyo ilivyokuwa. Nilirudi Bukoba na barua ile, nikiogopa mvua, nikiogopa pancha, nikiogopa usingizi usije ukanipitiliza.

Jumatatu kabla ofisi haijafunguliwa, mdogo mtu alikuwa mlangoni na barua ile mkononi. Saa nne askari walipita mtaani, picha kwa picha. Nilikuwa nimekaa ng'ambo ya barabara, kwenye ngazi za duka. Meza kumi na moja zilikuwa tupu, wenyewe wanasubiri vibali. Afisa alizihesabu kwa macho. Kisha akavuka barabara mpaka nilipokaa, akaniamkia vizuri.

"Shikamoo, Bibi. Kumbukumbu inaendeleaje?"

"Marahaba. Inakuja na kwenda, waitu."

Akapita.

Mkamwana alipata kibali, chenye picha yake. Lakini kibali changu kilifutwa, na pembe ikarudi kwenye orodha, na kwenye orodha walikuwepo watu waliotangulia. Yeye alipangiwa juu, ndani ya soko, nyuma ya wauza mkaa, ambako jua linapiga tangu asubuhi. Hakulalamika. Ila siku hizi nikimwambia jambo, hata la kupika, husubiri kidogo kabla ya kuitika. Zamani hakuwa akisubiri.

Muhtasari uliandikwa upya kwa herufi kubwa, ukabandikwa chini, usawa wa macho ya mtu aliyekaa. Mama wa mitumba aliniomba niusimamie tena. Nikakubali kwa sharti moja, kwamba asome yeye na mimi nikae kimya. Mtu akija kuniuliza sheria inasemaje, ninamshika mkono, tunakwenda ubaoni, namwambia, "Soma. Kama huwezi, tumtafute anayeweza."

Mara moja moja bado ninashuka mpaka mtaani. Kwenye ile pembe yangu ya zamani amekaa mama mmoja, si mtu wa huku, anauza nguo za watoto. Siku ya kwanza alipoona nimesimama namtazama, akadhani ninataka kununua, akanifunulia gauni dogo la njano. Kivuli kilikuwa palepale, kimemkalia begani kama kilivyokuwa kikinikalia mimi. Nilimwambia sinunui. Nikamuuliza jina lake. Akanitajia, na la mama yake pia.

Nalo ninalo.